Mkondo wa Mwitikio: Kwa Nini Kuwasha Transfoma Moja Hukatisha Ile Iliyo Kazini

Katika kituo cha kupoozea umeme chenye transfoma mbili zinazolishwa na baa moja, huenda transfoma ya pili ikawashwa baada ya matengenezo, ikapokea umeme bila tatizo, na muda mfupi baadaye ile ya kwanza, iliyokuwa inabeba mzigo wa mji mzima kwa utulivu, ikakatwa na relei zake. Jambo la kwanza linalofanyika baada ya hapo ni kuitafutia ugonjwa transfoma iliyokatwa. Hupimwa uimara wa vihami, mafuta huchukuliwa sampuli, relei ya Buchholz huangaliwa kama ina gesi, na mara nyingi hakuna kinachopatikana. Hatua inayofuata ni kuilaumu relei kuwa ni nyepesi mno na kuipandishia kiwango. Makala haya yanapinga hukumu zote mbili. Transfoma ile haikuwa na hitilafu, na kwa kawaida relei nayo ilitii sawasawa kile ilichoagizwa kupima. Kilichokosewa ni dhana iliyotumika wakati wa kuipanga: kwamba mkondo wa kuwashia ni jambo la transfoma inayowashwa peke yake, tena ni jambo la muda mfupi. Transfoma mbili zinapokula kwenye chanzo kimoja, nusu zote mbili za dhana hiyo huanguka, na ninachodai hapa ni kwamba kinachoikatisha transfoma iliyo kazini ni muda wa mkondo huo zaidi kuliko ukubwa wake.

Tuanze na kiini cha chuma. Fluksi ya sumaku ndani yake haifuati mkondo, inafuata volteji: ni jumla ya volteji inayolimbikizwa kadiri muda unavyokwenda. Volteji ikiwa geu kamili, nusu yake chanya huongeza fluksi na nusu hasi huiondoa, na kiini hubaki kikicheza sawa pande zote mbili za sifuri. Transfoma inayowashwa katika nukta mbaya ya wimbi, hasa kama ilibakiwa na sumaku tangu ilipozimwa, huanza na fluksi iliyosogezwa upande mmoja. Kilele cha fluksi hupita kiwango ambacho chuma hushiba, na kila kinapopita, koili huvuta mkondo mkubwa kwa sehemu ya mzunguko. Nusu nyingine ya mzunguko huwa karibu tupu. Wimbi linalotokea ni la nundu za upande mmoja tu, na wastani wake si sifuri. Kwa maneno mengine, ndani ya mkondo huo mna mkondo mnyofu.

Mkondo mnyofu huo hupita kwenye ukinzani wa mfumo unaolisha kituo, yaani ukinzani wa laini, wa transfoma za mbele na wa jenereta, na hapo huacha anguko dogo la volteji lenye upande mmoja. Anguko hilo linaonekana kwenye baa, na kila kilichofungwa kwenye baa hiyo hulipokea. Transfoma iliyo kazini, nitakayoiita ya kwanza, ghafla inajikuta inalishwa volteji ambayo nusu zake mbili hazilingani tena. Tofauti ni ndogo, lakini fluksi ni jumla, na jumla haisahau. Kila mzunguko huisogeza fluksi hatua moja kuelekea upande ulio kinyume na ule wa transfoma ya pili, mpaka kiini cha ya kwanza nacho kianze kushiba. Nundu za mkondo hutokea kwake pia, lakini zinaelekea upande mwingine na zinakuja katika nusu nyingine ya mzunguko. Huo ndio mkondo wa mwitikio.

Ili kuonyesha kwamba anguko hilo dogo linatosha, chukua mfano wa hesabu. Transfoma mbili zinazofanana, kila moja ya MVA 60, kilovolti 132 kwa 33, ziko kwenye baa yenye nguvu ya mkato ya MVA 1000. Mkondo kamili wa kila moja upande wa kilovolti 132 ni ampea 262. Kizuizi chote cha mfumo ni takriban ohimu 17, na ndani yake ukinzani halisi ni ohimu 2. Koili ya kila transfoma ina ukinzani wa ohimu 0.5. Nitahesabu fezi moja, ile iliyoathirika zaidi, na kuacha mwingiliano wa fezi tatu. Hesabu kamili hubadili tarakimu lakini haibadili mwenendo. Tuseme transfoma ya pili imewashwa vibaya na nundu yake ya kwanza ina kilele cha ampea 1200, zaidi ya mara tatu ya kilele cha mkondo wake kamili, jambo la kawaida kabisa. Nundu hiyo ikisambazwa juu ya mzunguko mzima, wastani wake ni kama ampea 310. Mara ohimu 2, tunapata volti 620. Kwenye baa ambayo kilele cha volteji ya fezi ni karibu kilovolti 108, volti 620 hazionekani hata kwa jicho kwenye mchoro wa wimbi. Lakini ndani ya mzunguko mmoja wa sekunde 0.02 zinaacha volti-sekunde 12.4, na fluksi ya kawaida ya transfoma hii, kwa kipimo hichohicho, ina kilele cha volti-sekunde 343. Kila mzunguko, basi, fluksi ya transfoma ya kwanza inasogea kwa asilimia 3.6.

Sasa ni swali la nafasi iliyopo. Viini vya kisasa hupangwa kufanya kazi karibu na tesla 1.7, na chuma chake hushiba karibu na tesla 2.0. Nafasi ni kama asilimia 18 tu. Kwa hatua za asilimia 3.6, mizunguko mitano ingeimaliza. Mkondo wa transfoma ya pili unakuwa umeanza kupungua, kwa hiyo kwa kweli inachukua sita au saba. Ndani ya sekunde 0.13 hivi, transfoma ambayo haikuguswa na mtu yeyote imeanza kushiba.

Yanayofuata ndiyo moyo wa hoja. Kama transfoma ya pili ingekuwa peke yake, mkondo wake ungefifishwa na ukinzani wote ulio njiani, ohimu 2 za mfumo na 0.5 za koili, jumla 2.5. Lakini transfoma ya kwanza ikishaanza kuitikia, mikondo minyofu miwili inapita kwenye mfumo ikielekea pande zinazopingana, na kwa sehemu kubwa inafutana. Mfumo unaacha kuona mkondo mnyofu. Mkondo huo sasa unazunguka kati ya transfoma hizo mbili, ukipita kwenye koili zao na kurudi kupitia baa. Msukumo wa transfoma ya kwanza hukoma pale mkondo mnyofu wake unapofikia asilimia 80 ya ule wa mwenzake, uwiano wa 2 kwa 2.5. Kuanzia hapo, ukinzani unaoufifisha mkondo wa transfoma ya pili haufiki hata ohimu moja: ni 0.9 badala ya 2.5. Kufifia kunapungua kasi karibu mara tatu. Ohimu 2 za mfumo, ambazo ndizo zilizolianzisha jambo hili, sasa hazisaidii sana kulimaliza.

Anayedhani kwamba mtandao dhaifu huleta tu anguko kubwa zaidi la volteji na azingatie upande huu wa pili. Laini ya kilovolti 132 iliyojengwa kwa waya wa aina ya Wolf ina ukinzani wa karibu ohimu 0.18 kwa kila kilomita. Kilomita 50 za laini hiyo ni ohimu 9, na umbali huo ni wa kawaida sana kwa vituo vya Tanzania, Kenya au Uganda vilivyo mwishoni mwa laini. Hapo transfoma ya kwanza hufikia asilimia 95 ya mkondo mnyofu wa mwenzake. Peke yake, transfoma ya pili ingefifishwa na ohimu 9.5, yaani haraka mno; zikiwa mbili, ukinzani unaofanya kazi ni karibu ohimu moja tu, yaani jumla ya koili mbili. Laini hiyohiyo ambayo ingeua mkondo wa kuwashia upesi inageuka kuwa njia ya kuuambukiza, kisha inajiondoa. Na kwa kuwa mwisho wa yote hutegemea ukinzani wa koili, transfoma kubwa zenye koili za ukinzani mdogo ndizo zinazodumu na mkondo huu muda mrefu zaidi, sekunde nyingi, na penye koili nzuri sana hata kufikia dakika. C. D. Hayward aliliandika jambo hili mwaka 1941 katika majarida ya Taasisi ya Marekani ya Wahandisi wa Umeme, na katika kichwa cha makala yake alisisitiza urefu wa muda, si ukubwa. Naona aliweka mkazo pale panapostahili.

Hapa inakuja pingamizi lenye uzito. Relei za tofauti za transfoma zimekuwa zikijizuia kwa hamoniki tangu Kennedy na Hayward walipoieleza mbinu hiyo mwaka 1938, na kwa kawaida hamoniki inayotazamwa ni ya pili. Mkondo wa kuwashia una hamoniki ya pili nyingi, hitilafu ya kweli ina kidogo. Relei hupima uwiano na kujizuia ukizidi, kwa kawaida, asilimia 15. Mkondo wa mwitikio nao ni mkondo wa kushiba kwa kiini, una nundu za upande mmoja, na kwa kuwa nundu zake ni nyembamba, hamoniki ya pili ndani yake ni nyingi kweli. Kwa nini basi relei isijizuie? Nakubali kwamba mara nyingi hujizuia, na anayeandika kwamba mkondo wa mwitikio huidanganya relei ya tofauti moja kwa moja anaruka hatua. Relei yenye vipimo vyake yenyewe, inayoona transfoma ya kwanza tu, kupitia transfoma za kupimia mkondo zilizo timamu, itauona mkondo huo jinsi ulivyo na itatulia. Makosa hutokea pale mojawapo ya masharti hayo linapokosekana, na yako mazingira matatu ambamo hukosekana.

Ya kwanza ni pale transfoma mbili zinapolindwa na relei moja ya tofauti, inayopima mkondo wao wa pamoja kwenye sakiti breka moja. Nundu za moja zinaelekea juu, za nyingine zinaelekea chini na zimechelewa nusu mzunguko. Ukizijumlisha, hamoniki zote za namba shufwa hufutana, pamoja na mkondo mnyofu, na za namba witiri huongezeana. Kama nundu zingelingana kabisa, hamoniki ya pili ingekuwa sifuri. Relei inaona wimbi linaloonekana sawa pande zote mbili, lenye mkondo wa msingi wa kutosha, bila alama inayoitegemea ili ijizuie. Kwa kanuni yake yenyewe, hiyo ni hitilafu. Kosa hapa ni la mchoro wa ulinzi, na hakuna upandishaji wa kiwango utakaolirekebisha bila kuipofusha relei kwa hitilafu halisi. Dawa ni kila transfoma kuwa na relei yake na transfoma zake za kupimia.

Mazingira ya pili ni ya relei zisizotazama hamoniki kabisa, hasa ile ya hitilafu ya ardhi. Katika mfano wetu, upande wa kilovolti 132 umeungwa nyota na nukta yake ya kati imefungwa ardhini. Mkondo wa mwitikio ukishatulia, nundu za fezi iliyoathirika katika transfoma ya kwanza zina kilele cha kama ampea 300 na wastani wa ampea 40. Fezi tatu hazishibi sawa, kwa hiyo jumla yao si sifuri, na tofauti hiyo inarudi kupitia ardhi. Ukiitazama fezi hiyo peke yake, mkondo wa msingi ndani yake ni karibu ampea 50. Relei ya ardhi iliyowekwa kwenye asilimia 10 ya mkondo kamili, yaani ampea 26, ikiwa na subira ya nusu sekunde, itahesabu muda wake wote na kukata. Subira ya nusu sekunde ilichaguliwa na mtu aliyefikiri juu ya mkondo wa kuwashia wa transfoma moja, tena juu ya ile inayowashwa. Kwa ile inayowashwa, waendeshaji wengi huweka kizuizi cha muda mara breka inapofungwa. Iliyo kazini haina taarifa kwamba jirani yake anawashwa, na ndiyo sababu inayoangushwa ni yenyewe.

Mazingira ya tatu ndiyo magumu kuyaona, na nadhani ndiyo yanayozalisha ripoti nyingi za “chanzo hakijulikani”. Mkondo mnyofu wa ampea 40, ukipita kwenye transfoma ya kupimia ya 300 kwa 1, unatoa ampea 0.13 upande wa pili. Nyaya, relei na koili yenyewe vikiwa na ukinzani wa ohimu 5, hiyo ni volti 0.67 isiyobadilika upande, na kila mzunguko inaacha volti-sekunde 0.013 kwenye kiini cha kile kifaa kidogo. Kifaa chenye kiwango cha kushiba cha volti 100 kinaweza kubeba volti-sekunde 0.45. Mizunguko 34, sekunde 0.7 hivi, inatosha kukishibisha. Kikiwa kimebakiwa na nusu ya sumaku kwa upande huohuo, baada ya hitilafu ya zamani, muda huo unakatika nusu. Tangu hapo kipimo cha upande wa kilovolti 132 kinapotoka, cha upande wa kilovolti 33 kinabaki kizima, na mkondo wa mzigo ambao ulikuwa unaingia na kutoka kwa usawa unaanza kuonekana kana kwamba sehemu yake inapotelea ndani ya transfoma. Tofauti hiyo bandia haina wajibu wa kuwa na hamoniki ya pili ya asilimia 15. Tambua kwamba mkondo wa hitilafu wa maelfu ya ampea ungeweza kupimwa vizuri na kifaa hichohicho, kwa sababu unaondolewa kabla haujalimbikiza. Ampea 40 zinakishinda kwa kudumu.

Pingamizi jingine husikika kutoka kwa waendeshaji: transfoma yenye mzigo haiwezi kushiba, kwa kuwa mkondo wa mzigo ni mkubwa kuliko huo wa sumaku na utaumeza. Ni kosa linaloeleweka, lakini ni kosa. Mkondo wa mzigo upande wa kwanza na upande wa pili husawazishana ndani ya kiini. Kinachoamua fluksi ni volteji, na volteji ya baa imekwisha kuegemea upande mmoja, mzigo uwepo usiwepo. Mzigo hupunguza mwegemeo huo kidogo kwa sababu nao hupitisha sehemu yake, lakini hauuondoi.

Wapo pia wasemao kwamba njia rahisi ni kuzima relei ya ardhi ya transfoma ya kwanza kwa dakika moja wakati mwenzake anawashwa, maadamu relei ya tofauti na Buchholz zinabaki. Hoja hii si ya kupuuzwa. Katika kituo kisicho na fedha ya vifaa vipya, ndiyo inayotumika. Udhaifu wake ni kwamba inazima macho wakati mtandao unatikisika zaidi, na haigusi mazingira ya kwanza wala ya tatu. Afadhali relei ya ardhi ipewe kizuizi cha hamoniki ya pili, ambacho relei nyingi za kidijitali tayari zinacho na kinahitaji kuwashwa tu kwenye mpangilio. Kizuizi hicho hakiifungi relei daima: hitilafu halisi ya ardhi ikitokea, mkondo wake wa msingi hupanda, uwiano wa hamoniki ya pili hushuka, na kizuizi huachia.

Dawa iliyo bora zaidi hata hivyo iko kwa transfoma ya pili, kwa sababu huko ndiko msukumo unakoanzia. Kuiweka kwenye hatua ya tapu yenye mizunguko mingi zaidi ya koili kabla ya kuiwasha hushusha fluksi yake, na hakugharimu kitu. Pale ambapo kituo kina laini mbili na swichi ya kuunganisha baa, ni vyema kuiwasha transfoma ya pili kutoka kwenye sehemu ya baa inayolishwa na laini nyingine, kisha baa ziunganishwe baada ya mkondo kufa; kwa njia hiyo ukinzani wa pamoja unapungua kabla mkondo mnyofu haujapata pa kupita. Vidhibiti vinavyofunga kila fezi katika nukta inayofaa ya wimbi hufanya vizuri zaidi, ila vinadai breka yenye mtambo wa kufunga wa fezi mojamoja na makadirio mazuri ya sumaku iliyobaki. Kwa vifaa vya kupimia, daraja la PR, ambalo sumaku yake inayobaki haizidi asilimia 10, huondoa ule mtaji wa zamani unaokatiza muda wa kushiba, ingawa haliuzuii mkondo mnyofu kulimbikiza ukidumu sana.

Ushahidi wa kutofautisha haya yote na hitilafu ya kweli umo ndani ya rekodi ya relei, ilimradi isifutwe na iwe ndefu ya kutosha. Rekodi ya sekunde moja inayoanza pale relei inapokata haionyeshi chochote cha maana. Inatakiwa ianze breka ya transfoma ya pili inapofungwa. Mkondo wa transfoma ya pili utaonekana na nundu zilizo ndefu tangu mwanzo zikipungua. Mkondo wa transfoma ya kwanza utakuwa wa kawaida kwa mizunguko michache, kisha nundu zitachipuka upande wa pili, ndogo, zikikua taratibu. Hitilafu haikui hivyo. Hitilafu huanza kwa ukubwa wake. Na kama relei ya tofauti ndiyo iliyokata, linganisha mawimbi ya upande wa kilovolti 132 na ya kilovolti 33 fezi kwa fezi katika mizunguko ya mwisho: ukiona nundu za upande wa kwanza zimepoteza mwegemeo wao na wimbi la mzigo limekatwa kilele nusu moja tu, huku la upande wa pili likiwa safi, kilichoshiba ni kifaa cha kupimia, na transfoma inaweza kurudishwa kazini bila kufunguliwa.